Rimu iliyopinda: namna ya kuigundua, kuipima na kuamua kama inyooshwe au ibadilishwe

Gari likiparuza ukingo wa barabara, dereva hushuka, huinama, huona rangi imechubuka kwenye uso wa rimu na roho humuuma. Gari likidumbukia shimoni, huzunguka upande ule ule wa nje, haoni kitu, na safari inaendelea. Kwa kawaida mambo ni kinyume. Mchubuko wa nje mara nyingi ni suala la sura tu, wakati pigo la shimo hukunja mdomo wa ndani wa rimu, ule unaotazama shokomzoba, ambao hakuna anayeuona mpaka alale chini ya gari.

Sababu iko kwenye umbo la rimu. Upande wa nje umeshikiliwa na spoki, kwa hiyo pigo likija huko kuna chuma nyuma yake cha kulipokea. Upande wa ndani ni duara tupu lililoning'inia, mbali na spoki, na tairi jembamba lenye ubavu mfupi halina nafasi ya kutosha ya kumeza pigo. Kona ya shimo inabana mpira mpaka ufike kwenye rimu, na mdomo wa ndani unalala kuelekea katikati.

Mwongozo huu unahusu zaidi rimu za aloi, kwa kuwa ndizo zenye utata. Rimu za chuma nitazigusa njiani.

Dalili ukiwa barabarani

Rimu iliyopinda hujitambulisha kwa mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani, mara nyingi kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, na pengine hupungua ukizidisha mwendo. Usukani ukitetemeka mikononi, shuku magurudumu ya mbele. Mtetemo ukija zaidi kwenye kiti na sakafu, anza na ya nyuma. Ukitokea pale tu unapokanyaga breki, kagua diski za breki kwanza kabla ya kuisingizia rimu.

Dalili ya pili ni upepo unaopungua polepole bila msumari wala pancha inayoonekana. Tairi lisilo na tyubu huziba kwa kukaa barabara juu ya kikalio chake, yaani ile sehemu ya rimu iliyo jirani na mdomo. Kikalio kikibonyea hata kidogo, upepo hupenya hapo kwa siku kadhaa. Mtu hujaza, hujaza tena, kisha huanza kulaumu valvu.

Kuna dalili nyingine inayochanganywa na hizi: gari kuvuta upande mmoja, au usukani kukaa mshazari wakati gari linakwenda moja kwa moja. Hiyo huelekeza kwenye alaimenti au mkono wa chini uliopinda. Ukigonga ukingo wa barabara kwa pembe, hasa tairi likiwa limekatwa kona, unaweza kuwa na matatizo yote mawili kwa wakati mmoja, na kunyoosha rimu hakutarudisha usukani katikati.

Kabla ya kupima, ondoa visingizio

Egesha mahali tambarare pagumu. Legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa bado chini, kisha inua kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Usifanye kazi gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Ukipima gurudumu la mbele, vuta breki ya mkono na uweke gia huru. Ukipima la nyuma utalazimika kuachia breki ya mkono, kwa hiyo zuia magurudumu ya mbele kwa kabari pande zote mbili.

Zibane tena kidogo zile nati ulizolegeza, zisije zikalifanya gurudumu licheze, kisha shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, shuku beringi au bolijointi. Kisha shika kushoto na kulia. Likicheza huko kwa gurudumu la mbele, shuku viungo vya usukani. Ukiona mchezo wowote, shughulikia huo kwanza, kwa sababu gurudumu linalocheza litakupa vipimo vya uongo.

Sasa vua gurudumu na utazame uso wa habu na mgongo wa rimu panapokutana. Kutu iliyojikusanya hapo, au punje moja ya mchanga, inatosha kuliegemeza gurudumu zima upande mmoja. Safisha kwa brashi ya waya, rudisha, kaza nati kwa kuvukanisha (moja, kisha iliyo upande wa pili) na endelea. Nimeona rimu nzima ikihukumiwa kwa kosa la kutu.

Gurudumu likiwa nje, tumia fursa hiyo kupitisha kiganja ubavuni mwa tairi, ndani na nje. Uvimbe kama jipu maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halitengenezeki, hata rimu ikiwa salama kabisa.

Kupima kwa vifaa vya nyumbani

Fundi mwenye vifaa hutumia geji ya saa, ambayo ncha yake hugusa rimu na mshale huonyesha sehemu za milimita. Wewe unaweza kupata jibu la kutosha kwa kipande cha waya mgumu na biti chache za drili.

Funga waya kwenye kitu kizito kisichosogea, kama stendi ya pili au tofali, ncha yake ikielekea mdomo wa rimu kutoka juu, kana kwamba inataka kuugusa kuelekea katikati ya gurudumu. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono ukitazama mwanya kati ya ncha na chuma. Tazama chuma, usitazame mpira. Tairi lenyewe linaweza kuwa na kigongo hata kama rimu ni duara safi. Tafuta mahali mwanya ulipo mdogo kuliko pote, na hapo usogeze waya mpaka shina la biti ya milimita 1 lipite kwa kugusa. Endelea kuzungusha mpaka mwanya uwe mkubwa kuliko pote, kisha jaribu biti moja moja mpaka upate inayojaa. Tofauti ya biti hizo mbili ndiyo kiasi rimu ilivyopotoka. Weka alama ya chaki hapo.

Rudia kwa kuelekeza ncha kwenye ubavu wa mdomo, ili uone kama rimu inayumba kushoto na kulia. Kisha rudia yote upande wa ndani. Kwenye gari utalazimika kulala chini na taa, lakini usiuruke, kwa kuwa ndiko tatizo liliko mara nyingi.

Kikomo kamili kimeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako. Kwa rimu za aloi za magari madogo mara nyingi huwa karibu na milimita 1, pungufu au zaidi kidogo, na rimu za chuma hupewa nafasi zaidi. Kwa njia ya waya na biti, usibishane na nusu milimita. Unachotafuta ni zile mbili, tatu, nne.

Muhimu kuliko namba ni jinsi mwanya unavyobadilika. Ukikaa sawa kwa sehemu kubwa ya mzunguko, kisha ukafunguka ghafla kwenye eneo la upana wa kiganja na kujifunga tena, mdomo umekunjwa mahali hapo. Huo ndio mpindo wa kawaida wa shimo, na mara nyingi unanyoosheka. Lakini mwanya wa ubavuni ukifunguka pole pole kutoka upande mmoja hadi upande wa pili wa duara, kisha ukarudi pole pole, gurudumu zima limeegemea. Hapo ama spoki au kitovu cha rimu kimepinda, ama habu yenyewe ndiyo yenye kasoro.

Kuzitenganisha hizo mbili ni rahisi. Tia alama kwenye habu na kwenye rimu, vua gurudumu, lizungushe nusu duara au matundu ya nati yanavyoruhusu, ulifunge tena na upime. Kasoro ikihama pamoja na alama ya rimu, rimu imepinda. Ikibaki palepale kwenye alama ya habu, rimu haina hatia, na ungenunua mpya ungekuta mtetemo uleule unakungoja.

Kutafuta ufa

Mpindo unaweza kuvumilika kwa muda, ufa hauvumiliki. Nao hupenda kukaa mahali palepale penye mpindo, upande wa ndani, ukitambaa kutoka mdomoni kwenda kwenye mwili wa rimu.

Anza na maji ya sabuni tairi likiwa na upepo wake kamili. Pakaa kuzunguka midomo yote miwili, valvu, na mwili wote wa rimu kwa ndani, kisha subiri dakika chache. Mapovu yakitokea kwenye mshono wa tairi na rimu, kikalio kimebonyea, au kina kutu na uchafu. Yakitokea katikati ya chuma kitupu, mbali na mpira, huo ni ufa au tundu la kiwandani. Hakuna maelezo mengine.

Ufa mwembamba unaweza usitoe povu. Tairi likishatolewa, osha eneo lenye alama ya chaki mpaka chuma kiwe safi na kikavu. Gereji zilizojipanga hupuliza rangi nyekundu inayopenya, husubiri, hufuta, kisha hupuliza unga mweupe. Palipo na ufa mstari mwekundu hujitokeza. Njia ya zamani ya karibu na hiyo ni mafuta ya taa na chaki. Lowesha eneo kwa mafuta ya taa, acha kama robo saa, futa pakauke kabisa, kisha pakaa vumbi la chaki jeupe. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa hupanda na kuchora mstari wa unyevu juu ya chaki. Fanya hivyo mbali na moto, na ujue kwamba njia hii inaweza kukosa nyufa ndogo mno.

Kagua pia mizizi ya spoki, pale zinapoungana na duara, na kuzunguka matundu ya nati.

Uamuzi hutegemea mahali, kisha ukubwa

Watu huuliza kwanza, "Imepinda kiasi gani?" Mimi ningeuliza imepinda wapi.

Mikwaruzo ya ukingo wa barabara kwenye uso wa nje, isiyofika kwenye kikalio, ni kazi ya msasa na rangi. Pitisha ukucha: ukinasa kidogo tu, hakuna nguvu iliyopotea. Ikiwa kipande cha mdomo kimemeguka au kimetafunwa kiasi kwamba mpira hauna ukuta wa kuegemea, hiyo imeshatoka kwenye urembo. Angalizo moja: wapo wanaojaza mashimo kwa puti kisha wakapaka rangi. Kwa uso wa nje si neno, lakini puti kwenye kikalio cha tairi itabanduka na upepo utatoka.

Mpindo wa mdomo wa ndani wenye urefu wa kiganja, usio na ufa, ulio mbali na spoki, unanyoosheka na rimu ikaendelea na kazi. Milimita tatu au nne za aina hii hazinitishi. Mpindo mkali wenye kona, ambapo chuma kimejikunja badala ya kulala, unanitisha hata ukiwa wa milimita mbili, kwa sababu kwenye kona hiyo chuma kimevutika sana, na kukirudisha ni kukivuta mara ya pili. Mahali palipowahi kunyooshwa kisha pakapinda tena, badilisha.

Spoki, kitovu na sehemu ya matundu ya nati hazinyooshwi. Huko ndiko uzito wote wa gari, breki na kona unakopitia. Rimu inayoyumba nzima kutokana na kitovu ni ya kubadilishwa.

Kuhusu ufa, mafundi hawakubaliani. Wengine huchomelea ufa mfupi wa mdomoni na rimu ikaenda miaka. Msimamo wangu ni kubadilisha. Aloi ya rimu nyingi hupata nguvu zake kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na joto la kuchomelea hufuta nguvu hizo pembezoni mwa mshono. Mshono wenyewe unaweza kuwa mzuri kabisa, halafu ufa mpya ukaanza sentimita moja pembeni yake. Kuweka tyubu ndani ya rimu yenye ufa ni kubaya zaidi: upepo unaacha kuvuja, kwa hiyo unapoteza dalili pekee iliyokuwa ikikuonya kwamba ufa unarefuka.

Rimu ya chuma ina uvumilivu zaidi. Mdomo wake hunyooka kwa nyundo na fuawe bila moto, na kupata nyingine kwa kawaida si kazi kubwa, kwa hiyo ikipinda vibaya hakuna haja ya kuihangaikia.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Chukua gari dogo la saluni lenye rimu za aloi za inchi 16. Gurudumu la mbele kushoto limeingia shimoni usiku. Kesho yake usukani unatetemeka kuanzia kilomita 90 kwa saa, na baada ya siku tatu upepo umeshuka kutoka PSI 32 hadi 26. Dereva amepeleka gari kufanyiwa balansi. Mashine imesema sifuri, risasi zimebandikwa, na mtetemo umepungua kidogo tu.

Hapo tayari kuna jibu nusu. Balansi hupima mgawanyo wa uzito. Gurudumu lenye upande uliobonyea linaweza kulinganishwa uzito kikamilifu na bado likaruka kila linapofika penye bonde, kwa sababu si duara. Risasi nyingi kupita kawaida kwenye gurudumu moja ni ishara ya kulikagua.

Baada ya kusafisha habu, waya unaonyesha hivi: mdomo wa nje hautofautiani zaidi ya nusu milimita. Mdomo wa ndani, mwanya mdogo ni milimita 1, na mkubwa unajazwa na biti ya 4.5. Rimu imebonyea milimita 3.5, kwenye eneo la sentimita 12 hivi. Ubavuni kuna yumbo dogo palepale tu, sehemu nyingine imetulia, kwa hiyo kitovu ni kizima. Maji ya sabuni yanatoa mapovu madogo mfululizo kwenye mshono wa mpira, mbele kabisa ya alama ya chaki. Tairi linatolewa, ubavu wake hauna uvimbe, na kwa ndani hakuna nyuzi zilizojitokeza. Chaki haichori mstari wowote.

Uamuzi: inyooshwe. Kama chaki ingechora mstari wa sentimita mbili kutoka mdomoni, vipimo vyote vingine vikibaki vilevile, uamuzi ungekuwa kubadilisha.

Kumchagua wa kunyoosha

Kazi safi hufanywa tairi likiwa limetolewa, rimu ikifungwa kwenye mashine kupitia kitovu chake, na jeki ya mafuta ikisukuma penye mpindo kidogo kidogo huku geji ikisoma. Wengi hupasha eneo hilo joto ili aloi isikatike. Hapo ndipo pa kumtazama fundi mikono yake. Aloi haibadiliki kuwa nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo anayepima joto kwa macho hana anachokipima. Muulize anajuaje joto limefika wapi. Akikuonyesha kipimajoto au kalamu maalumu ya kuyeyuka kwenye joto fulani, kaa. Akiwasha mtungi wa gesi na kuchukua nyundo, ondoka na rimu yako.

Muulize pia kipimo cha kabla na cha baada, na akague ufa tena baada ya kunyoosha, maana kuna nyufa zinazofunguka wakati chuma kinarudishwa. Kwenye mfano wetu, kutoka 3.5 kushuka hadi 0.6 ni kazi nzuri. Mdomo unaweza kubaki na kialama kidogo. Kinachohesabika zaidi ni kikalio kuwa duara.

Ukiamua kubadilisha

Soma maandishi yaliyo mgongoni mwa rimu ya zamani. Mathalani 7Jx16 ET45 ina maana upana wa inchi 7, kipenyo cha inchi 16, na uso wa kufungia uliosogea milimita 45 kutoka mstari wa katikati kuelekea nje. Ongeza idadi ya matundu na kipenyo cha duara lake, mfano 5x114.3, pamoja na kipenyo cha tundu la katikati na uzito unaoruhusiwa kubebwa. Namba ya ET ikikosewa, gurudumu linaweza kugusa shokomzoba ndani au bodi nje. Tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, rimu itahitaji pete ya kujazia, la sivyo utabadilisha mtetemo kwa mtetemo. Angalia pia umbo la vikalio vya nati, kwa kuwa nati za mviringo na za koni haziingiliani.

Rimu iliyotumika ipimwe kama ulivyopima ya kwako, kabla hujailipia, na tairi likiwa limetolewa. Rangi mpya nzito kwenye mdomo wa ndani pekee, sehemu ambayo hakuna anayeipamba, ni sababu ya kuikwangua kidogo uone kilichofunikwa.

Baada ya kufunga

Fanya balansi upya, kaza nati kwa spana ya toki kulingana na kitabu cha gari, na ukague ukazaji tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, andika namba, kisha pima tena baada ya siku moja na baada ya wiki. Mwisho endesha kwenye lami laini kwa mwendo uleule ulioleta mtetemo. Mtetemo ukibaki na upepo haupungui, rudi kwenye tairi lenyewe: pigo lililokunja rimu linaweza kuwa limeharibu mikanda ya ndani ya tairi bila kutoa uvimbe unaoonekana, na njia ya haraka ya kujua ni kufunga tairi jingine kwenye rimu hiyohiyo na kurudi barabarani.